Vijiti vimejaa, data haifungui kitu: maswali ninayoulizwa kila siku hapa Langoni

Nina kibanda cha simu Langoni, hapa Amu, kisiwa cha Lamu, na kwa siku sikosi watu watatu wanne wanaokuja na lile lile, vijiti vyote vipo, data nimewasha, haifungui kitu. Wengi wao wameshazima na kuwasha simu mpaka kitufe kimelegea, na wengine wameshanunua bando ya pili wakidhani ya kwanza imeliwa. Nimechoka kueleza mmoja mmoja huku nimeshika chuma cha kuchomea mkono mwingine, basi nimeyaandika hapa. Simu zinazokuja kwangu nyingi ni za Android, kwa hivyo majina ya menyu ni ya huko.

Vijiti vimejaa kabisa, mbona basi hakuna intaneti?

Manake vijiti havipimi intaneti. Mnara hutuma alama yake muda wote, mchana na usiku, hata kama hakuna mtu hata mmoja anayeutumia, na simu inapima tu ile alama imefika na nguvu kiasi gani. Basi, hapo ndipo kazi ya vijiti inapoishia.

Chukulia umesimama gatini na boti ya Mokowe imefunga pale, taa inawaka, unaiona vizuri. Taa haikwambii kama boti ishajaa abiria. Haikwambii kama ina petroli ya kufika ng'ambo, wala kama nahodha atakupakia bila nauli. Na hata ukivuka, kama unajua jina tu la mtu unayemwendea na huna wa kukuonyesha nyumba, utazunguka Mokowe mpaka magharibi. Vijiti ni ile taa. Abiria kujaa ni msongamano wa watu kwenye mnara mmoja, petroli ni ile njia inayotoa mnara kwenda mbele, nauli ni bando, na yule wa kukuonyesha nyumba anaitwa DNS, nitamrudia huko chini manake yeye ndiye aliyenisumbua zaidi mwaka huu.

Ukitaka kuona nguvu yenyewe badala ya vijiti, piga `*#*#4636#*#*` kama unapiga simu ya kawaida, ingia ya kwanza inayohusu simu, utaona namba yenye alama ya kutoa na dBm mbele yake. Ikikaribia sifuri ndio nguvu zaidi, yaani -80 ni nzuri sana na -110 ni ya kubahatisha. Simu zingine zimeifunga menyu hii, usijilaumu ikikataa.

Lakini napiga simu vizuri na M-Pesa inaingia. Si inaonyesha laini iko sawa?

Inaonyesha laini imesajiliwa kwenye mnara, lakini data bado haijajulikana. Simu ya sauti inahitaji njia ndogo sana na mitandao huipa kipaumbele, na simu nyingi ukipiga zinashuka zenyewe mpaka 3G au 2G halafu ukikata zinarudi 4G, wewe huoni. M-Pesa ya kwenye menyu ya laini na zile namba za nyota na reli hazitumii data kabisa, zinapita njia ile ile ya meseji. Ndio maana mtu anaweza kununua bando akiwa hana intaneti hata chembe.

Kwa hivyo mtu akiniambia "simu inaita" namwambia sawa, tumejua taa inawaka.

Kinyume chake ndicho cha kuangalia. Kama vijiti vimejaa na hata kupiga simu kunakataa, na jirani wa mtandao ule ule naye vile vile, hapo mara nyingi mnara umekatika mawasiliano na wenzake. Unatoa alama lakini hauna pa kupeleka. Usiguse setingi yoyote, subiri.

Sasa nianzie wapi?

Anza kwa kutazama kile kiherufi kilicho kando ya vijiti, 4G, LTE, H+ au E, kabla hujagusa kitu. Watu hawakiangalii na ndicho kinachosema zaidi.

Vijiti vipo lakini hakuna herufi yoyote, na umewasha data: simu haijapewa hata njia ya data. Hapo fikiria laini, APN, yaani jina la lango la data la mtandao wako, au data imewekwa kwenye laini ya pili. Hii ya laini mbili inachekesha lakini nimeiona mara nyingi, mtu anatazama vijiti vya laini ya kwanza huku data imewekwa kwenye laini ya pili ambayo hajaitia kriditi tangu Ramadhani.

Herufi ipo lakini ina alama ya mshangao au kialama kidogo cha X: njia imepatikana ila simu imejaribu kufika kwa seva za Google kujipima ikashindwa. Android hufanya kipimo hiki yenyewe kila inapounganika. Hapo ni bando, DNS, VPN, yaani apu inayopitisha data yako kwa seva nyingine kwanza, au mtandao umekwama huko mbele.

Herufi ipo, mshangao hakuna, lakini kurasa zinazunguka tu mpaka zinachoka: mara nyingi ni msongamano. Kipimo cha Android ni kidogo sana, kinapenya hata njia ikiwa imebanwa, ila picha na video hazipenyi.

Si sheria ya msumari, simu zingine huchelewa kuonyesha mshangao. Lakini inakupa mwelekeo.

Kuna njia ya kujua tatizo ni la simu yangu au la mtandao bila kutoa laini?

Ipo na ndiyo ninayoipenda kuliko zote, inachukua dakika mbili. Washa hotspoti kwenye simu inayougua. Chukua simu ya mtu mwingine, uzime data yake kabisa, uiunganishe kwenye hiyo hotspoti, halafu ufungue ukurasa wowote.

Kama simu ya mwenzio inafungua kurasa kwa data ya simu yako wakati simu yako mwenyewe haifungui, jibu umelipata. Laini nzima, bando ipo, mnara mzima. Ugonjwa uko ndani ya setingi za simu yako. Hii inatokea kwa sababu anayetumia hotspoti yako hapiti kwenye VPN yako wala kwenye setingi yako ya Private DNS nitakayoieleza huko chini, yeye anapita kando.

Ikikataa kwa mwenzio pia, hapo usikate shauri mapema. Bando zingine haziruhusu hotspoti. Sasa ndio unatoa laini. Itie kwenye simu nyingine unayojua ni nzima, papo hapo ulipokaa, usiende nayo nyumbani ukaipime huko kwa mnara mwingine halafu ukaja kunisimulia. Laini ikigoma kwenye simu nzima pia, tatizo ni akaunti au mtandao. Ikikubali, rudi kwenye simu yako.

Bando nimenunua jana, itakuwaje imeisha?

Angalia salio tu, usibishane nami. Safaricom ni `*544#` na menyu itakuongoza. Bando ya masaa 24 uliyonunua saa moja jioni jana inakufa saa moja jioni leo, ile ya mpaka usiku wa manane inakufa usiku wa manane hata kama umeinunua saa nne usiku.

Mtego mwingine ni bando ya WhatsApp peke yake. Mtu anakuja, "WhatsApp inaingia, Chrome haifungui, simu imeharibika." Haijaharibika, umenunua ya WhatsApp. Na zile za kasi bila kikomo huwa zina kikomo, ukifika kiwango fulani hawakukati, wanakushusha kasi mpaka ukurasa mmoja unakunywa chai ukiusubiri.

Ujanja mmoja: fungua `http://neverssl.com` kwenye Chrome. Huo ni ukurasa usio na kufuli, yaani unaanza na http wala si https. Mtandao ukitaka kukwambia bando imeisha hukupeleka kwenye ukurasa wao wa kununua, lakini hauwezi kufanya hivyo kwa kurasa zenye kufuli, na siku hizi karibu kila ukurasa una kufuli, kwa hivyo wewe unaona duara linazunguka tu bila maelezo. Kwenye huu wa bila kufuli ujumbe wao unapata pa kutokea.

Nimebadilisha laini, nimewasha upya, bando ninayo, hotspoti inafanya kazi kwa wengine. Simu yenyewe haifungui. Ni nini?

Hii nieleze taratibu maana ndiyo kesi iliyonifanya niandike.

Alikuja nahodha mmoja wa Shela, mtu mzima, siku mbili simu yake haifungui kitu. Akanambia, "Ami, ndoo utazame simu hii, wanambia nitie laini mpya." Alikuwa ameshatiwa laini mpya huko alikokwenda kwanza, akalipa, tatizo likabaki pale pale. Vijiti vimejaa, 4G imeandikwa, ina alama ya mshangao. Nikapiga `*#*#4636#*#*` nikaona -84, nguvu tele. Salio lipo, giga moja na kitu.

Nikawasha hotspoti yake nikaunganisha simu yangu, data yangu nimezima. Ikafungua habari mara moja, picha na zote. Yeye akacheka, "Yaani inawapa watu wa nje, ya ndani wanalala na njaa."

Nikarudi kwenye simu yake nikaandika hii kwenye Chrome, kama ilivyo:

```
https://1.1.1.1/cdn-cgi/trace
```

Ikafunguka. Nikaandika `google.com`, haikufunguka, ikaja karatasi nyeupe na chini kwa herufi ndogo maneno yanayoanza na `DNS_PROBE`. Hapo nikajua. Ukiipa simu namba ya nyumba inafika, ukiipa jina la mwenyewe haimjui. Ile `1.1.1.1` ni namba tupu, haihitaji kuulizia kwa mtu, lakini `google.com` ni jina na lazima simu imuulize DNS hilo jina namba yake ni ipi. DNS wake alikuwa hajibu.

Nikaingia Settings, halafu Network & internet, halafu Private DNS. Kwa Samsung iko Connections, halafu More connection settings. Nikakuta imechaguliwa ile ya tatu, ya kuandika jina la seva mwenyewe, na pameandikwa jina refu la seva ya kuzuia matangazo. Nikamuuliza nani kaweka. Akafikiri, akasema mwana wa dadake alimwekea zamani ili matangazo ya kwenye mchezo wa karata yasimkere. Kwa muda mrefu ilifanya kazi, halafu hiyo seva ikaacha kujibu, na Android ikiwekwa kwa njia hiyo haina huruma, imeambiwa iulize kwa huyo tu, basi huyo asipojibu haimuulizi mwingine, inabaki kimya. Nikageuza ikawa Automatic. Mshangao ukatoka na meseji za siku mbili zikaanza kuingia, simu inatetemeka kwenye meza kama kaa.

Kilichowapoteza wenzangu waliomwangalia kabla yangu ni kwamba WhatsApp yake ilikuwa ikipenya mara moja moja. Apu zingine huweka akiba ya namba za seva zao, kwa hivyo DNS ikifa zenyewe zinajikokota. Wakaona WhatsApp inaingia wakasema ni netwaki dhaifu. WhatsApp usiifanye kipimo.

Swali moja lingenifikisha pale haraka zaidi na sikuliuliza: je kwenye wai-fai inafungua? Private DNS ikivunjika inavunja kote, data na wai-fai. Nahodha kwake hana wai-fai kwa hivyo hakuna aliyegundua. Kama wai-fai yako inafungua vizuri kabisa na data ndiyo inagoma, basi Private DNS si mshukiwa wa kwanza.

Zaidi ya Private DNS, ndani ya simu kuna kitu gani kingine?

VPN. Tazama juu kama kuna kialama cha ufunguo. VPN ya bure ikiishiwa au seva yake ikianguka huendelea kushika njia yote huku haipeleki kitu, na ukiizima kwenye apu yake wakati mwingine inajiwasha tena kwa sababu kwenye setingi imewekwa iwake daima. Zima huko kwenye setingi. Apu za kuzuia matangazo nyingi nazo ni VPN zilizovaa kanzu nyingine.

Tarehe. Simu ikiisha chaji kabisa ikakaa siku nyingi, ikirudi imeandika mwaka wa ajabu, kurasa zote zenye kufuli zinakataa na Chrome inaandika `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`. Weka saa ijipange yenyewe.

Kikomo cha data. Kuna watu walijiwekea kikomo kwenye setingi, kikifika simu inajikatia data yenyewe. Soma arifa kabla ya kuzifuta.

Na APN je? Kila mtu huniambia nibadilishe APN.

Kila mtu huambiwa hivyo. APN ikiwa mbovu dalili yake ya kawaida ni ile ya kwanza, vijiti bila herufi. Kama 4G imeandikwa pale na hotspoti inafanya kazi, APN yako nzima, iache. Ila kama simu imetoka nje, au ilikuwa imefungwa kwa mtandao mwingine, au umebadilisha laini juzi, hapo angalia. Ya Safaricom ni hivi:

```
APN: safaricom
Username: saf
Password: data
```

Ya Airtel APN ni `internet` na huko kwingine unaacha wazi. Herufi ndogo, bila nafasi mbele wala nyuma. Nafasi moja iliyoingia kwa bahati mbaya mwisho wa neno huioni kwa macho na inatosha kuharibu, nishapoteza saa nzima kwa hiyo. Ukishahifadhi hakikisha umeigusa ile duara kando ichaguliwe, halafu zima data uwashe.

Modi ya ndege inasaidia kweli au ni imani tu?

Inasaidia, kwa tatizo moja. Wakati mwingine simu na mtandao wanapoteza mawasiliano ya kile kikao cha data, simu inaamini ipo ndani, mtandao umeshaifuta. Ukiweka modi ya ndege simu inajitoa mnarani, ukizima inasajiliwa upya na kupewa anwani mpya. Iache nusu dakika, usibonyeze ukabonyeza. Ikikubali halafu baada ya saa moja tatizo likarudi, na tena na tena, hicho si kikao kilichokwama, kuna kitu kingine, endelea na vipimo.

Mbona wakati wa Maulidi mji mzima vijiti vimejaa na hakuna kinachofunguka?

Hapa simu yako haina kosa. Maulidi ya Riyadha yanaleta watu kutoka pwani yote, minara ni ile ile ya siku zote, na kila mmoja anataka kurusha zefe, yale maandamano, moja kwa moja. Kupeleka video juu kunabana zaidi kuliko kushusha, kwa sababu njia ya upande ule hubeba kidogo kuliko ya kushusha. Vijiti havishuki hata kimoja maana alama ya mnara haipungui kwa wingi wa watu. Boti ipo, taa inawaka, pa kukaa hakuna.

Utajuaje ni msongamano? Kwanza saa. Ikifungua saa kumi alfajiri na kugoma saa mbili usiku, siku baada ya siku, ni msongamano. Pili, jaribu na ping, amri inayotuma vipimo vidogo na kuhesabu majibu, kama una Termux, ile apu ya kuandika amri:

```
ping -c 10 1.1.1.1
```

Siku ya kawaida hapa kwangu majibu yote kumi yanarudi, na muda haupandi sana. Usiku mmoja wa Maulidi niliokaa kibandani kusubiri zefe lipite yalirudi sita, na moja kati yao lilichukua zaidi ya sekunde mbili. Hiyo ndiyo sura yake: njia haijakufa, ni foleni. Njia iliyokufa hairudishi hata moja. Tatu, ile menyu ya 4636 kwenye simu nyingi ina jedwali lenye RSRP na RSRQ. RSRP ni nguvu, ndiyo inayotengeneza vijiti. RSRQ ni usafi wa ile alama. RSRP ikiwa nzuri, -80 hivi, na RSRQ imeshuka kuelekea -15 au chini zaidi, unasikia mnara kwa nguvu lakini kuna kelele na zogo nyingi juu yake.

Dawa? Sogea. Ukitoka Usita wa Mui ukatembea kwenda upande wa Shela simu inaweza kushika mnara mwingine. Au tia laini ya mtandao mwingine. Au subiri, lile zogo linapungua watu wakilala.

Kuiweka simu kwenye 3G kunasaidia?

Jaribu, kama kipimo. Setingi, laini yako, aina ya mtandao unaopendelea, toa 4G. Kama 3G inafungua na 4G haifungui pale pale ulipo, basi tatizo ni la 4G: ama imejaa, ama ina hitilafu mnara ule, ama laini yako ni ya zamani, ya kabla ya 4G, na inahitaji kubadilishwa. Usiku wa msongamano 3G wakati mwingine inakuwa na nafasi kwa sababu kila mtu amekimbilia 4G. Ukimaliza rudisha, watu wanasahau halafu wanakuja mwezi ujao kulalamika simu ni pole.

Siku zingine mitandao yote inagoma pamoja, hata wai-fai ya hoteli.

Basi tatizo liko mbali na Lamu. Intaneti ya Kenya kwa sehemu kubwa inaingia kwa nyaya za baharini zinazotua Mombasa, EASSy, Seacom, TEAMS na wenzao. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom zilikatika pamoja na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikasota, Tanzania wakaumia zaidi yetu. Minara ilikuwa mizima, vijiti vimejaa, na watu wakaniletea simu niwatengenezee. Dalili yake ni kuwa laini za mitandao tofauti na wai-fai zinazorota saa ile ile, na vitu vilivyo na seva hapa Kenya vinafungua afadhali kuliko vya nje. Hapo funga simu ukanywe kahawa.

Nirisiti setingi zote za mtandao?

Ya mwisho kabisa. Inafuta nywila zote za wai-fai na vifaa vyote vya bluututhi, inarudisha APN ya kiwandani. Kwa kesi kama ya nahodha ingemsaidia huenda, lakini asingejua kilichokuwa kimeharibika, na mpwa wake angemwekea tena.

Nikipiga huduma kwa wateja niseme nini ili wasiniambie tu "zima na uwashe"?

Usiseme "netwaki mbaya". Sema uko wapi hasa, mtaa na alama iliyo karibu, tangu saa ngapi, na kwamba laini yako umeitia kwenye simu nyingine ikagoma pia, na simu nyingine mbili za mtandao huo hapo hapo zinagoma, na ya mtandao mwingine inafungua. Waambie nguvu ni ngapi, mfano -84, na kama kupiga simu kunakubali. Ukiwa na ile menyu ya 4636 kuna namba imeandikwa CID, hiyo ni namba ya seli ya mnara uliyoshika, isome. Mara ya mwisho nilipoisoma yule binti alinyamaza kidogo, nikasikia anaandika, halafu akanipa namba ya malalamiko badala ya kunambia nizime na kuwasha. Siku ya pili kabla ya adhuhuri ikafunguka.